Kuhifadhi herufi nzito, italiki na mistari ya chini kutoka picha ya ukurasa wa sarufi: mwongozo kamili

Katika ukurasa mmoja wa sarufi niliokuwa nauchapa upya, zoezi lilikuwa na sentensi mbili zilizofuatana: ya tatu ilisema «Mtoto alilia» na ya nne ilisema «Mtoto alilia». Ukizisoma hivyo, utadhani mchapaji amerudia sentensi moja kwa bahati mbaya. Kitabuni, hata hivyo, sentensi hizo zilikuwa tofauti, kwa sababu katika ya tatu mstari ulipita chini ya «li» ya kwanza, ambayo ni kiambishi cha wakati uliopita, na katika ya nne ulipita chini ya «li» ya pili, ambayo ni mzizi wa kitenzi. Swali lilimtaka mwanafunzi aeleze kazi ya mofimu zilizopigiwa mstari. Mimi niliipitisha picha kwenye programu ya kusoma maandishi, nikasahihisha tahajia kwa makini, kisha nikawagawia wanafunzi karatasi ambayo haikuwa na mstari hata mmoja. Nusu yao walijibu swali la tatu na la nne kwa maneno yaleyale, na hawakuwa na kosa lolote.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifanya kazi hii kwa utaratibu ninaoueleza hapa. Nitashughulika na aina moja tu ya kitabu, yaani kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha shule ya sekondari, kwa sababu humo ndimo msisitizo hushuka hadi ndani ya neno, na mtu akiweza kuuhifadhi hapo hatapata shida kubwa kwenye kitabu cha historia au cha baiolojia. Maelezo nayaandika kwa Markdown, ambayo ni faili la maandishi matupu lenye alama chache za kuonyesha vichwa, orodha na msisitizo.

## Kupiga picha inayobeba tofauti

Herufi nzito hutofautiana na ya kawaida kwa unene wa wino tu, kwa hiyo picha ikikosa ukali wa kutosha tofauti hiyo hupotea kabla hujaanza kazi. Hesabu yake ni rahisi kuifuata. Ukichanganua ukurasa kwa nukta 300 kwa kila inchi, herufi za pointi 12 hupata nafasi ya pikseli 50 kwa kimo. Katika fonti ya Times, nguzo ya wima ya herufi ya kawaida huwa na unene wa pikseli 4 hivi, na ile ya herufi nzito huwa na pikseli 7. Jicho huiona tofauti hiyo mara moja. Ukishusha uchanganuzi hadi nukta 150, unabaki na pikseli 2 dhidi ya 3 na nusu, na ukungu kidogo wa lenzi unatosha kuzifanya zifanane. Silabi «li» yenyewe ni nyembamba: kwa nukta 300 haizidi pikseli 28 kwa upana, na mstari ulio chini yake ni wa urefu huohuo.

Kama huna skana, simu inatosha, ila uishike sambamba na ukurasa, usogee karibu hadi ukurasa mmoja ujaze picha, na utumie mwanga wa dirishani unaotoka upande mmoja bila kivuli cha mkono wako. Bonyeza kitabu kilale, hasa upande wa mshono. Karibu na mshono karatasi hujikunja, herufi huinama pamoja nayo, na maneno ya kawaida huanza kuonekana kama italiki. Nimewahi kuweka alama ya italiki kwenye maneno sita ya mwisho wa mistari, moja chini ya jingine, kabla sijatambua kwamba yote yamo kwenye mkunjo uleule. Italiki halisi hufuata maana na haifuati ukingo wa karatasi, kwa hiyo ukiona safu ya maneno yaliyoinama yamepangana wima, shuku picha kwanza.

Piga picha ya rangi, hata kama ukurasa wenyewe ni mweusi na mweupe. Vitabu vingi vya shule vimepita mikononi mwa wanafunzi wengi, na wanafunzi hupiga mistari yao wenyewe kwa kalamu. Katika picha ya rangi, wino wa bluu hujitenga na wino wa kiwandani bila ubishi, lakini ukiigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe mistari yote inakuwa ya mtu mmoja. Zipo programu za simu zinazosafisha picha zenyewe na kuifanya karatasi iwe nyeupe kabisa. Zinasaidia kusoma, ila hunenepesha au kukondesha herufi, kwa hiyo hifadhi pia picha ya asili ambayo haijaguswa, na hiyo ndiyo uitazame unapoamua kama neno ni nzito au la.

## Kuusoma ukurasa kabla ya kuuandika

Usianze kuchapa. Kaa na picha kwa dakika chache na ujiulize kila aina ya msisitizo inafanya kazi gani katika kitabu hiki, maana kila mwandishi ana desturi yake. Katika kitabu nilichonacho, herufi nzito hutumika pale istilahi inapotajwa na kufafanuliwa kwa mara ya kwanza, na pia kwa viambishi vinavyojadiliwa. Italiki hutumika kwa neno linalotolewa kama mfano, na mstari wa chini haupatikani popote isipokuwa kwenye mazoezi. Ukishaijua desturi hiyo, jicho lako litajua la kutafuta, na ukikuta kitu kinachoivunja utasimama na kukiangalia tena badala ya kukipita.

Kisha hesabu. Chukua kipande cha karatasi na uandike idadi ya sehemu zenye herufi nzito, idadi ya sehemu zenye italiki na idadi ya sehemu zenye mstari. Sehemu ni mfululizo mmoja usiokatika, kwa hiyo kikundi cha maneno matatu mazito yaliyofuatana ni sehemu moja. Vichwa vya habari usivihesabu, kwa sababu uzito wao utabebwa na alama ya kichwa. Hesabu hii ifanye ukiwa bado hujachapa chochote, kwa kuwa baada ya kuchapa utaelekea kuona kile ulichokwisha kukiandika.

Namna ya kuitambua italiki ni kuitazama herufi «a», na Kiswahili kinatusaidia hapa kwa kuwa maneno yake mengi yana «a». Katika fonti zenye vijikia kama Times, «a» ya kawaida ina kikono kinachopinda juu yake kama paa, na «a» ya italiki ni duara lenye kikia, kama tunavyoiandika kwa mkono. Herufi ikibadilika umbo, hiyo ni italiki bila shaka yoyote, hata kama picha imepinda. Fonti zisizo na vijikia hazitoi msaada huo, kwa sababu nyingi huinamisha tu herufi ileile. Hapo linganisha nguzo za «l» na «t» katika neno unalolishuku na zile za neno la jirani katika mstari uleule.

Mstari wa kiwandani ni mnyoofu, una unene mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na huanzia na kuishia kwenye ukingo wa herufi. Mstari wa mwanafunzi hupanda na kushuka, hupita mbele ya neno au huishia kabla yake. Alama za msomaji mimi siziingizi kwenye maelezo hata kidogo, kwa kuwa si sehemu ya kitabu.

## Kuchagua alama na kushikamana nazo

Kwa herufi nzito natumia nyota mbili kila upande, kwa italiki nyota moja kila upande, na kwa mstari wa chini natumia `<u>` mwanzoni na `</u>` mwishoni. Alama hii ya tatu inahitaji maelezo, kwa sababu wengi hudhani kwamba mistari miwili ya chini ya kibodi, yaani `__neno__`, huleta neno lililopigiwa mstari. Katika Markdown alama hiyo huleta herufi nzito, sawasawa na nyota mbili, na Markdown ya kawaida haina alama yake yenyewe ya mstari wa chini. Ukiitumia kwenye zoezi, mwanafunzi atakuta swali linalotaja mofimu zilizopigiwa mstari na chini yake mofimu zenye herufi nzito.

Kibodi hiyohiyo ina mtego mwingine. Mstari mmoja wa chini kila upande, kama `_neno_`, huleta italiki, lakini haukubali kufanya kazi katikati ya neno. Nyota hukubali. Kwa kuwa sisi tunashughulika na viambishi vilivyomo ndani ya maneno, tumia nyota peke yake kwa italiki na herufi nzito, hata pale ambapo alama nyingine ingefaa, ili faili zima liwe na desturi moja.

Pale ambapo kitabu kimechanganya, kwa mfano kiambishi ni kizito na pia kimepigiwa mstari, weka `<u>` nje na nyota ndani: `<u>**li**</u>`. Mpangilio huo ni wa hiari, lakini ukiubadilisha kila mara itakuwa taabu kutafuta kosa baadaye.

## Kuchapa maandishi, kisha kuweka alama

Nafanya kazi hizi mbili kwa nyakati mbili. Kwanza napata maandishi matupu na kuyasahihisha hadi kila herufi ilingane na picha. Kama nina kompyuta yenye Tesseract, ambayo ni programu ya kusoma maandishi kutoka picha, na data yake ya Kiswahili, naanza na amri hii, ambayo huandika faili la `ukurasa.txt`:

```
tesseract ukurasa.png ukurasa -l swa --psm 6
```

Ni vizuri kujua mapema kile ambacho programu hii haitakupa. Tangu toleo la 4, lililotoka mwaka 2018, Tesseract husoma mistari kwa mtandao wa neva unaotambua herufi bila kueleza fonti, kwa hiyo uzito na italiki havitoki. Injini yake ya zamani iliweza kukisia kama neno ni zito au la italiki, lakini ilikisia kwa neno zima, na hilo halina msaada wowote mahali ambapo kinachotakiwa ni silabi moja katikati ya «alilia».

Mstari wa chini huivuruga programu kwa namna ambayo unaweza kuigeuza kuwa faida. Unapogusa mikia ya «g», «j», «p» na «y», programu huisoma herufi vibaya, na silabi nyembamba kama «li» hugeuka kuwa kitu kingine kabisa. Kwa hiyo ukikuta katika maandishi yaliyotoka neno lililovurugika kati ya maneno yaliyosomwa vizuri, rudi kwenye picha uangalie chini ya neno hilo. Usilisahihishe na kuendelea. Nilipopoteza mistari ya zoezi langu nilikuwa nimesahihisha maneno yote manne yaliyovurugika bila kujiuliza hata mara moja kwa nini yamevurugika hayo tu.

Maandishi yakiwa safi, pitia picha mara tatu, na kila mara uweke aina moja tu ya alama. Anza na mstari wa chini, kwa sababu kuupoteza ndiko kunakoharibu zaidi, kisha weka herufi nzito, na mwisho italiki. Weka rula au kipande cha karatasi chini ya mstari unaousoma, na kama picha iko kwenye skrini, ikuze hadi uone mistari minne au mitano kwa wakati mmoja. Kwa silabi ndani ya neno, hesabu herufi kutoka kushoto: katika «alilia», mstari unaoanzia herufi ya pili uko kwenye kiambishi cha wakati, na unaoanzia ya nne uko kwenye mzizi. Usitegemee kwamba utaliona kwa kutupa jicho, kwa sababu «lili» ni nguzo nne zinazofanana.

Huu ndio ukurasa wangu ulivyokuwa baada ya kumaliza. Maneno nimeyafupisha, ila alama zimebaki kama zilivyo:

```
## Mofimu tegemezi

**Mofimu** ni kipashio kidogo kabisa cha lugha
chenye maana. Katika neno *anasoma*, mofimu **-na-**
huonyesha wakati uliopo.

### Zoezi

Eleza kazi ya mofimu zilizopigiwa mstari.

1. Jiwe <u>li</u>meanguka.
2. Gari hilo Juma ame<u>li</u>nunua.
3. Mtoto a<u>li</u>lia.
4. Mtoto ali<u>li</u>a.
```

Sasa sentensi nne zinauliza mambo manne: kiambishi cha upatanisho wa kisarufi katika ngeli ya LI-YA, kiambishi cha mtendwa, kiambishi cha wakati uliopita na mzizi. Silabi ni ileile katika zote nne, na kinachozitenganisha katika swali ni mstari peke yake. Ona pia kwamba kichwa cha habari, ambacho kitabuni kilikuwa kizito, hakina nyota. Alama ya `##` imekwisha kusema kwamba hiki ni kichwa. Ila kama ndani ya kichwa kuna neno la italiki, liwekee alama yake, kwa sababu hilo ni chaguo la mwandishi.

## Mahali alama zinapokataa

Sehemu hii ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuielewa, kwa sababu alama zilionekana sahihi kwenye faili lakini ukurasa ulipofunguliwa nyota zilibaki wazi kama nyota.

Sababu ya kwanza ni nafasi. Nyota ya kufungulia lazima igusane na herufi inayofuata, na ya kufungia igusane na ile iliyotangulia. `** mofimu **` haifanyi kazi, `**mofimu**` inafanya. Nafasi hizi huingia hasa pale mtu anapoteua neno kwa kipanya na kuchukua pamoja nalo nafasi iliyo mbele yake.

Sababu ya pili inatuhusu sisi zaidi kuliko wengine, nayo ni kistari na ritifaa. Kanuni ya Markdown, kama ilivyowekwa katika CommonMark, ambayo ni maelezo sanifu ya Markdown, husema kwamba nyota za kufungulia zikifuatwa na alama ya uandishi, lazima kabla yake kuwe na nafasi, mwanzo wa mstari au alama nyingine ya uandishi. Vivyo hivyo, nyota za kufungia zikitanguliwa na alama ya uandishi, baada yake pasiwe na herufi. Kiambishi kikisimama peke yake, kama `**-na-**` hapo juu, hakuna tatizo kwa kuwa kina nafasi pande zote. Lakini kitabu kikionyesha kiambishi ndani ya neno na wewe ukaandika hivi, nyota zitabaki kama zilivyo:

```
wa**-na-**soma
```

Nyota za kwanza zina herufi «a» nyuma yake na kistari mbele yake, na kanuni hairuhusu. Toa vistari nje ya nyota na tatizo litakwisha:

```
wa-**na**-soma
```

Ritifaa hufanya vilevile, na huwezi kuitoa nje kwa sababu ni sehemu ya sauti. Kitabu kinachofundisha sauti «ng'» huikoleza katika neno «ng'ombe», na mwandishi wa maelezo huandika `**ng'**ombe`. Nyota za kufungia zina ritifaa nyuma yake na herufi «o» mbele yake, kwa hiyo zinakataa. Hapo acha nyota na utumie alama ndefu ya herufi nzito:

```
<b>ng'</b>ombe
```

Alama za `<b>` na `<u>` hazifuati kanuni hiyo, na ndiyo maana mstari wa chini hautaleta usumbufu huu. Usibadilishe ritifaa kwa herufi nyingine inayofanana nayo ili nyota zikubali, kwa kuwa mtu atakayetafuta neno «ng'ombe» katika faili hatalipata.

Jambo la tatu ni nyota ambayo ni ya kitabu chenyewe. Wanaisimu huweka nyota mwanzoni mwa tungo isiyokubalika kisarufi, kama ile inayosema «mtoto wanalia». Nyota hiyo ni habari, wala si msisitizo, kwa hiyo iandike ikiwa imetanguliwa na mkwaju wa nyuma ili ibaki nyota: `\*Mtoto wanalia.` Ukisahau, mara nyingi ukurasa bado utaonekana sawa, lakini ikifuatwa na nafasi mwanzoni mwa mstari itageuka kuwa alama ya orodha na tungo mbovu itaonekana kama tungo nzuri.

La nne ni pengo la kujaza. Mazoezi huwa na mistari mirefu ya mwanafunzi kuandika jibu, na mistari hiyo si msisitizo hata kama iko chini ya nafasi. Ukiiandika kwa mistari ya chini ya kibodi ikiwa peke yake katika mstari wake, mitatu au zaidi, Markdown itaigeuza kuwa mstari mrefu unaotenganisha sehemu mbili za ukurasa, na pengo litatoweka. Mimi huandika `[pengo]` kila mahali, na hakuna anayekosea kulielewa.

Mwisho wa mstari na mwisho wa ukurasa pia huleta kosa dogo. Kikundi cha maneno mazito kikikatwa na mwisho wa mstari, kitabuni ni sehemu moja, kwa hiyo kipe jozi moja ya nyota. Neno lililokatwa kwa kistari mwishoni mwa mstari liunganishe kwanza, uondoe kistari, ndipo uweke alama. Alama haziwezi kuvuka aya, kwa hiyo kikundi kikiendelea kwenye aya mpya, funga na ufungue upya. Kuhusu nukta na koma zinazofuata neno zito, ziache nje ya alama, hata kama kwenye picha nukta yenyewe inaonekana kuwa nene.

## Kuhakiki kwa hesabu

Rudi kwenye kipande cha karatasi ulichoandika mwanzoni. Kwa ukurasa wangu kilisema: nzito mbili, italiki moja, mistari minne. Amri hizi tatu hutoa hesabu ya faili:

```
grep -o '<u>' maelezo.md | wc -l
grep -o '</u>' maelezo.md | wc -l
grep -o '\*\*' maelezo.md | wc -l
```

Mbili za kwanza lazima zitoe namba moja, na namba hiyo iwe sawa na ile ya karatasi, yaani 4. Ya tatu huhesabu nyota za kufungulia na za kufungia, kwa hiyo hutoa mara mbili ya idadi ya sehemu nzito, yaani 4 kwa sehemu mbili. Ikitoa namba witiri, kuna jozi ambayo haijafungwa. Sehemu ulizoziandika kwa `<b>` zihesabu kando. Italiki zihesabu kwa macho, kwa sababu nyota moja hujificha ndani ya mbili na amri fupi haizitenganishi.

Hesabu, hata hivyo, haijui mahali. Ningeweza kuweka mstari wa sentensi ya tatu kwenye sentensi ya nne na ya nne kwenye ya tatu, na amri zote zingeridhika. Kwa hiyo mazoezi nayasoma tena na mtu mwingine: yeye anatazama picha na kunisomea kwa sauti, «mtoto, a, mstari unaanza, li, mstari unaisha, lia», nami nafuata kwenye faili. Kwa ukurasa wenye sentensi kumi kazi hiyo haimalizi dakika tano. Maelezo mengine ya ukurasa siyasomi hivyo, kwa sababu italiki iliyosahaulika kwenye mfano haimpotoshi mwanafunzi kama mstari uliohama.

## Kuyatoa maelezo bila kuyapoteza tena

Alama zikishakaa sawa kwenye faili, bado zinaweza kupotea siku ya kuyatuma. Walimu wengi hutumia WhatsApp, nayo ina kanuni zake: nyota moja kila upande humo huleta herufi nzito, mstari mmoja wa chini huleta italiki, na mstari wa kupigia chini ya neno haupo kabisa. Ukinakili maelezo na kuyabandika kwenye kundi, `*anasoma*` itakuwa nzito na `<u>li</u>` itaonekana herufi kwa herufi na mabano yake. Tuma faili badala ya maandishi.

Kugeuza faili liwe la Word natumia Pandoc, lakini kwa hatua mbili. Ukilipeleka faili la Markdown moja kwa moja kwenye `.docx`, Pandoc huziacha njiani alama za `<u>` na `<b>`, na zoezi linarudi lilivyokuwa siku ile ya kwanza, bila onyo lolote. Ukipitia HTML kwanza, alama hizo hubaki na husomwa kama msisitizo katika hatua ya pili:

```
pandoc maelezo.md -o maelezo.html
pandoc maelezo.html -o maelezo.docx
```

Fungua faili lililotoka, nenda moja kwa moja kwenye zoezi, na utazame sentensi ya tatu na ya nne pamoja na picha ya ukurasa iliyo kando. Kama mstari umo chini ya «li» ya kwanza katika moja na ya pili katika nyingine, hifadhi kama PDF ndipo uchapishe.